Kukagua kiinua mgongo na michango ya NSSF: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wahasibu na wakaguzi wa Arusha na Moshi

Maswali haya yanatoka kwa wahasibu wa hoteli, shule binafsi, mashamba ya maua na kampuni za utalii. Ili majibu yasielee hewani, tutafuata mfano mmoja hadi mwisho: hoteli ya kufikirika mjini Moshi, yenye wafanyakazi 38, inayofunga hesabu tarehe 31 Desemba 2025. Tarakimu ni za mfano, lakini makosa yaliyomo ni yale yale yanayokutwa kwenye mafaili kila mwaka.

Mkaguzi anaanzia wapi?

Anaanza kwa kutenganisha vitu vitatu ambavyo kwenye leja nyingi vimerundikwa kwenye akaunti moja inayoitwa "mafao ya wafanyakazi". Cha kwanza ni mchango wa kila mwezi unaokwenda NSSF. Cha pili ni kiinua mgongo kilichoahidiwa kwenye mkataba wa ajira au kwenye mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama cha wafanyakazi. Cha tatu ni malipo ya kuachishwa kazi yaliyowekwa na kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Kila kimoja kina msingi wake wa hesabu, wakati wake wa kuingia kwenye vitabu na mtu wake wa kulipwa. Mhasibu asipovitenganisha, salio la akaunti haliwezi kukaguliwa kabisa, kwa sababu hakuna ushahidi mmoja unaoweza kulithibitisha. Kwa hiyo kabla ya kugusa kikokotoo, mwombe alivunje salio hilo katika mafungu matatu, jina kwa jina. Akishindwa, umeshapata hoja yako ya kwanza ya ukaguzi.

Mchango wa NSSF unakokotolewa juu ya mshahara upi?

Jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara ghafi. Sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10, na mwajiri anajazia iliyobaki. Waajiri wengi wa sekta binafsi hugawana nusu kwa nusu. Wafanyakazi wa umma wako PSSSF, ambako mfanyakazi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Huko hatutagusa zaidi.

Kosa linaloonekana sana ni mhasibu kukokotoa juu ya mshahara wa msingi peke yake. Chukua mhudumu wa mezani mwenye mshahara wa msingi wa Sh 400,000 na posho ya nyumba ya Sh 100,000 kila mwezi. Mchango wake kwa mwezi ni Sh 100,000, si Sh 80,000. Pengo la Sh 20,000 kwa mtu mmoja linaonekana dogo, lakini ukilizidisha kwa miezi 12 na kwa kila mwenye posho, linakuwa deni ambalo mkaguzi wa mfuko akifika atalidai pamoja na nyongeza ya kuchelewesha. Njia ya haraka ya kuligundua ni kuchukua jumla ya mchango wa mwezi na kuigawa kwa jumla ya mshahara ghafi. Usipopata asilimia 20 kamili, kuna mtu au posho iliyoachwa nje.

Nimeona risiti za benki za miezi yote. Kwa nini mkaguzi bado haridhiki?

Kwa sababu risiti inaonyesha kwamba fedha zimetoka. Haionyeshi kwamba zilikuwa kamili, wala kwamba zimeingia kwenye akaunti ya kila mwanachama. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wafanyakazi wanapoumia bila kujua.

Tuione Juni 2025 ya hoteli yetu. Orodha ya mishahara ina watu 38 na jumla ya mshahara ghafi ni Sh 22,800,000. Asilimia 20 yake ni Sh 4,560,000. Malipo yaliyotoka benki kwa kontroli namba ya mwezi huo ni Sh 4,320,000. Pengo ni Sh 240,000. Usimwulize mhasibu kwanza. Geuza pengo kuwa mshahara: Sh 240,000 gawa kwa asilimia 20 ni Sh 1,200,000. Sasa tafuta kwenye orodha ni nani mwenye jumla ya mshahara huo. Wanajitokeza watatu wa Sh 400,000 kila mmoja, wote wameajiriwa Juni, wote wako kwenye kipindi cha majaribio.

Fungua hati zao za mshahara za Juni. Kila moja inaonyesha makato ya NSSF ya Sh 40,000. Maana yake hoteli iliwakata, ikabaki na fedha yao, na haikuongeza sehemu yake. Majaribio hayamwondoi mtu kwenye uchangiaji. Mfanyakazi anachangiwa tangu mwezi wa kwanza wa kulipwa mshahara. Watatu hao waliandikishwa Julai, na kuanzia hapo jumla zinalingana. Lakini Juni yao haipo kwenye mfuko, na haitajileta yenyewe.

Fanya ulinganisho huo kwa miezi yote 12. Karatasi moja inatosha: mwezi, mshahara ghafi, mchango unaotakiwa, kiasi kilicholipwa, tarehe ya kulipa, pengo. Usichukue sampuli ya miezi mitatu, kwa sababu miezi iliyorukwa huwa michache na sampuli huipita kirahisi.

Tarehe ya mwisho ya kupeleka mchango ni ipi, na ninajuaje kama kuna miezi iliyorukwa?

Mchango wa mwezi unatakiwa uwe umefika ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Mchango wa Aprili mwisho wake ni mwisho wa Mei. Ukichelewa, sheria inaongeza tozo juu ya deni kwa kila mwezi unaopita. Tozo hiyo ni ya mwajiri peke yake, na haitakiwi kuonekana kwenye hati ya mshahara ya mfanyakazi kwa jina lolote.

Kutokana na tarehe hiyo, mwajiri anayelipa kwa wakati atakuwa na deni la mwezi mmoja tu siku ya kufunga mwaka, yaani Desemba inayolipwa Januari. Basi gawa salio la akaunti ya NSSF kwa mchango wa mwezi mmoja. Ukipata moja, tulia. Ukipata zaidi, chimba.

Hoteli yetu ina salio la Sh 13,880,000 tarehe 31 Desemba 2025. Mshahara ghafi wa Desemba ni Sh 23,000,000, hivyo mchango wake ni Sh 4,600,000. Salio ni kama miezi mitatu. Ondoa Desemba, inabaki Sh 9,280,000. Rudi kwenye karatasi yako ya miezi 12: Aprili na Mei hazina malipo kabisa, kila moja Sh 4,520,000, jumla Sh 9,040,000. Inabaki Sh 240,000, nayo ni wale watatu wa Juni. Salio lote limeelezeka hadi shilingi ya mwisho, na hapo tu ndipo unapoweza kusaini karatasi ya kazi.

Aprili na Mei si bahati mbaya. Ni masika, wageni wa Kilimanjaro wanapungua, fedha inakauka, na mkurugenzi anamwambia mtunza fedha alipe mishahara kwanza, "NSSF tutamalizia Julai". Julai ikifika kuna gari la kutengeneza. Ndiyo maana kwa taasisi za utalii za huku ninapendekeza mkaguzi aanze na miezi hiyo miwili. Shule binafsi nazo zina miezi yao, ile ya likizo ambayo ada haiingii.

Angalia pia kama tozo ya kuchelewesha imeingizwa kwenye vitabu. Mara nyingi haimo. Wahasibu husubiri mfuko ulete barua ya madai ndipo waiandike, ilhali deni limezaliwa siku tarehe ya mwisho ilipopita. Ikokotoe kwa kiwango kinachotumika, mwezi kwa mwezi, na uitake iingie kwenye hesabu za mwaka huo huo.

Jumla zinalingana miezi yote. Bado kuna kitu cha kukagua?

Kipo, nacho ni taarifa ya michango ya mwanachama mmoja mmoja. Kila mfanyakazi anaweza kupata taarifa yake kutoka mfuko. Chagua watu, ukichanganya wakongwe, wapya, waliobadilisha idara na waliowahi kuacha kazi wakarudi. Waombe taarifa zao kwa ridhaa, kisha linganisha mwezi kwa mwezi na hati zao za mshahara.

Katika mfano wetu, mtandika vitanda anaonyesha simu yake na kusema, "Kaka, Agosti yangu haipo hapa, lakini walinikata." Malipo ya Agosti ya hoteli yamekamilika. Fungua orodha ya wachangiaji iliyopandishwa kwenye mfumo wa waajiri mwezi huo: namba yake ya uanachama imepinduliwa tarakimu mbili za mwisho. Fedha imefika kwenye mfuko, lakini haijapata mwenyewe. Dawa yake ni mwajiri kupeleka ofisi ya NSSF ya mkoa maombi ya marekebisho pamoja na orodha sahihi na uthibitisho wa malipo wa mwezi huo. Halafu mfanyakazi aangalie taarifa yake upya, na nakala iwekwe kwenye faili la ukaguzi. Barua ya kuomba marekebisho haitoshi kufunga hoja. Hoja inafungwa mwezi ukionekana.

Mwezi mmoja una uzito kwa sababu pensheni ya uzee inahitaji angalau miezi 180 ya kuchangia, na idadi ya miezi ndiyo inayoingia pia kwenye kanuni ya kukokotoa pensheni yenyewe. Mtu mwenye miezi 178 hana bahati mbaya ndogo, hasa akiwa amefikisha miaka 60 na mwajiri wake wa zamani ameshafunga biashara.

Kiinua mgongo cha mkataba kinalimbikizwaje?

Soma mkataba kwanza, neno kwa neno, wa kila kundi la wafanyakazi. Sheria haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa kiinua mgongo cha aina hii. Kinatokana na alichokiahidi. Kwa hiyo mkataba ndio kanuni yako ya hesabu, na usikubali jedwali la mhasibu kabla hujaona ulipotoka msingi wake.

Mpishi mkuu wa hoteli ana mkataba wa miaka miwili, kuanzia 1 Aprili 2024 hadi 31 Machi 2026. Unasema atalipwa mwishoni asilimia 15 ya mshahara wa msingi alioupata katika kipindi chote. Alianza na Sh 700,000, na kuanzia 1 Januari 2025 akapandishwa hadi Sh 800,000. Kufikia 31 Desemba 2025 ametumikia miezi 21.

Hesabu sahihi inafuata mshahara ulivyobadilika. Miezi 9 ya Sh 700,000 ni Sh 6,300,000. Miezi 12 ya Sh 800,000 ni Sh 9,600,000. Jumla Sh 15,900,000, na asilimia 15 yake ni Sh 2,385,000. Mhasibu ameandika Sh 2,205,000, kwa sababu jedwali lake bado linazidisha Sh 700,000 kwa miezi 21. Limbikizo limepungua kwa Sh 180,000. Jedwali lilitengenezwa mkataba ulipoanza na halikuunganishwa na orodha ya mishahara, kwa hiyo nyongeza ya mshahara haikulifikia. Kosa hilo halitakuwa la mpishi peke yake. Wote waliopandishwa Januari wameathirika, na ukipata moja, kagua wote.

Sasa badilisha sentensi moja tu. Kama mkataba ungesema asilimia 15 ya mshahara wa mwisho kwa kila mwezi wa utumishi, hesabu ingekuwa asilimia 15 ya Sh 800,000 mara 21, yaani Sh 2,520,000. Tofauti ni Sh 135,000 kwa mtu mmoja, yote imetokana na maneno "mshahara wa mwisho". Na katika aina hiyo ya mkataba, kila nyongeza ya mshahara inarudi nyuma kupandisha limbikizo la miaka iliyopita, kwa hiyo gharama ya mwaka wa nyongeza huwa kubwa kuliko wakubwa walivyotarajia. Kwa mikataba ya kudumu yenye ahadi hiyo, viwango vya uhasibu vya IAS 19 vinataka makadirio ya nyongeza zijazo, ya watakaoondoka mapema, na kupunguza thamani kwa kuzingatia muda hadi siku ya kulipa. Deni likiwa kubwa, aitwe mtaalamu wa takwimu bima. Kwa mkataba wa miaka miwili unaokaribia kwisha, hesabu ya mkono kama hiyo hapo juu kwa kawaida inatosha.

Mkataba unasema akiacha kabla ya muda hapati kitu. Si tungoje amalize ndipo tuandike?

Hapana. Deni linajengeka kadiri anavyofanya kazi, hata kama haki ya kulipwa inakamilika mwishoni. Uwezekano wa kuondoka mapema unapunguza kiasi unachokadiria, lakini hauondoi deni. Angalia historia: kati ya waliopewa mikataba ya namna hiyo miaka iliyopita, wangapi walimaliza? Makadirio yatokane na hapo, na yaandikwe.

Likizo bila malipo ya masika nayo ina neno. Kama mkataba unakokotoa juu ya mshahara alioupata, mwezi asiolipwa hauongezi kitu. Kama unahesabu miezi ya utumishi, huenda mwezi huo unahesabiwa. Usikisie. Rudi kwenye maandishi, na yakiwa kimya, hoja hiyo ipelekwe kwa menejimenti itoe msimamo wa maandishi kabla ya kufunga hesabu.

Je, malipo ya kuachishwa kazi nayo yanalimbikizwa kila mwaka?

Kwa kawaida hapana, na hapa wengi hukosea kwa kuongeza deni lisilokuwepo. Malipo hayo yanadaiwa pale mwajiri anapomwachisha mfanyakazi aliyetimiza angalau miezi 12 mfululizo. Hayalipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, aliyefikia umri wa kustaafu, wala aliyemaliza mkataba wa muda maalumu. Anayeacha kwa hiari yake pia hayapati. Kwa kuwa tukio lenyewe ni uamuzi wa mwajiri, deni linaingia vitabuni uamuzi ukishafikia mahali ambapo hawezi kuurudisha, kwa mfano wahusika wameshaarifiwa mpango wa kupunguza watu.

Kiasi chake ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Mtunza bustani wa hoteli ana miaka 12 na miezi 8, mshahara wa msingi Sh 520,000, na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Nafasi yake inafutwa. Jedwali la Kwanza la sheria hiyo linatoa njia ya kupata mshahara wa siku: gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara siku za kazi za wiki. Kwa siku 6 unapata 26, basi siku moja ni Sh 20,000, siku 7 ni Sh 140,000, na kwa miaka 10 ni Sh 1,400,000.

Mhasibu aliyegawa kwa 30 atapata Sh 1,213,333. Huyo mzee atakuwa amepunjwa zaidi ya Sh 186,000, na akienda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hoteli itatumia nauli na siku nyingi kujibu jambo ambalo lingeisha kwa kugawa vizuri. Miaka miwili na miezi minane iliyozidi haiongezi kitu kwa mujibu wa sheria, isipokuwa mkataba wa hali bora uwe umeahidi zaidi. Ndiyo maana hata hapa mkataba huo husomwa kwanza.

Je, mwajiri anaweza kusema NSSF inatosha, kiinua mgongo cha mkataba kisilipwe?

Kama kimo kwenye mkataba, analipa. Kuchangia NSSF ni wajibu wa sheria, na hakufuti ahadi nyingine aliyoitoa. Vivyo hivyo malipo ya kuachishwa kazi hayapunguzi stahiki nyingine za mfanyakazi, kama likizo ambayo hakuichukua au notisi.

Matokeo ya hoteli hii yataandikwaje kwenye taarifa?

Yaandikwe kila moja peke yake, kwa sababu hatua zake hazifanani. Aprili na Mei, Sh 9,040,000, zilipwe mara moja pamoja na tozo, na bodi ijulishwe kwamba nusu ya fedha hizo ilikatwa kwenye mishahara ya watu. Sh 240,000 za Juni zipelekwe kwa orodha ya nyongeza yenye majina ya wale watatu. Agosti ya mtandika vitanda ibaki hoja wazi hadi taarifa yake ionyeshe mwezi huo. Limbikizo la kiinua mgongo lirekebishwe kwa wote waliopandishwa mshahara Januari, si kwa mpishi tu. Na jedwali la limbikizo lichukue mshahara moja kwa moja kutoka orodha ya mishahara ya kila mwezi, likipitiwa na mtu ambaye siye aliyelitengeneza.